Saba Isiyo Hatua: Kunakili Slaidi Iliyopigwa Picha

Mhadhara kwa wanafunzi wa uhazili na utunzaji wa kumbukumbu

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi mnayoifanya tayari bila kufundishwa. Mkutano umekwisha, mtoa mada amefunga kompyuta yake na kuondoka na faili lake, na kilichobaki ni picha za simu: slaidi ukutani, kichwa cha mtu pembeni, na mwanga wa dirisha katikati. Bosi anakuletea picha hizo kwenye WhatsApp na neno moja: "Nichapie." Unachapa. Maneno yote yapo, hakuna herufi iliyopotea, na bado kazi inaweza kuwa imeharibika. Nitawaeleza inavyoharibika, kwa sababu mimi mwenyewe niliiharibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ninaandika taarifa ya mafunzo ya maofisa ugani kuhusu kukausha na kuhifadhi mahindi. Nilinakili slaidi kutoka kwenye picha, usiku, na taarifa ikatoka ikaenda wilayani. Baada ya wiki mbili hivi simu ikaita.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Hatua ya saba mbona iko tupu?"

"Marahaba mwanangu. Hatua ziko sita."

"Hapa kwenye karatasi ziko tisa, mama. Ya tisa ndiyo tupu. Pembeni mtu amesahihisha kwa kalamu akaiita ya saba. Halafu wazee wanauliza, ile chumvi, kwa gunia moja tuweke kiasi gani?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilitoa picha ile, nikaiweka kando ya karatasi yangu, nikasoma mstari kwa mstari. Kila neno nililolichapa lilikuwa sahihi. Kosa langu kubwa ni kwamba sikuandika kila neno lilikuwa limekaa wapi.

Slaidi yenyewe

Acheni niwaonyeshe kilichokuwa ukutani, maana mhadhara wangu wote ni huo ukuta mmoja.

Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa: Kukausha na kuhifadhi mahindi: hatua sita. Chini yake kulikuwa na orodha yenye namba. Ya kwanza, vuna yakishakomaa. Ya pili, kausha juu ya turubai, si juu ya udongo. Ya tatu, pukuchua bila kuvunja punje. Ya nne, pepeta na uondoe punje zilizooza. Ya tano, pima unyevu, usizidi asilimia 13.5, na mbele ya tarakimu hiyo palikuwa na kinyota. Chini ya hatua ya tano, zikiwa zimesogezwa ndani kidogo na zimetanguliwa na vistari, palikuwa na hoja mbili ndogo: "Kipimo cha mkononi" na "Chumvi na chupa". Ya sita, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Hatua hii ya sita ilikuwa ndefu, ikavunjika ikashuka mstari wa pili.

Chini ya orodha, kwa herufi ndogo, palikuwa na kinyota kingine na maneno: Kiwango cha Afrika Mashariki EAS 2. Chini yake tena, kwa rangi ya kijivu: Mafunzo ya maofisa ugani, Rasimu, Machi 2019. Na kwenye kona ya kushoto, chini kabisa, tarakimu moja peke yake: 7.

Sasa tazameni nilichofanya. Hoja mbili ndogo za hatua ya tano nilizipanga sawa na hatua nyingine, kwa hiyo chumvi ikawa hatua inayojitegemea. Mkulima akaelewa kwamba chumvi inatiwa kwenye mahindi. Kumbe ni kipimo tu: unatia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, unatikisa, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa ujue mahindi bado yana unyevu mwingi. Chumvi haiingii ghalani hata chembe. Kisha ile 7 ya kwenye kona niliichapa mwishoni, chini ya orodha, na kompyuta ikaipokea kama hatua nyingine. Msomaji makini alipofuta hesabu yangu mbovu na kurudisha hatua sita, alibakiwa na moja tupu, akaiita ya saba. Namba ya slaidi ilikuwa imepata kazi isiyo yake.

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Aliyekuwa ukumbini hakuhitaji kuambiwa kwamba ile 7 si hatua. Aliiona imekaa peke yake pembeni, ndogo, ya kijivu. Lakini msomaji wangu hakuwa na macho ya ukumbini. Alikuwa na maneno yangu tu. Kwenye slaidi, mahali ni sehemu ya maana. Ukiyashusha maneno kuwa mistari ya kawaida, mahali panapotea, na ni lazima ulipe deni hilo kwa maneno.

Yapi ya mada, yapi ya faili

Slaidi ya kawaida ina watu wa aina mbili wanaoishi nyumba moja. Kichwa na hoja ni vya mada: vinasema jambo. Kijachini, yaani ule mstari mdogo wa chini, pamoja na namba ya slaidi, ni vya faili: vinasema karatasi hii ni ya nani, ya lini, na iko ya ngapi. Aliyeandaa wasilisho aliandika kichwa na hoja upya kwenye kila slaidi. Kijachini alikiandika mara moja tu, programu ikakirudia kila mahali, na namba hakuiandika kabisa. Kompyuta iliihesabu yenyewe.

Hata ndani ya faili lenyewe la PowerPoint vitu hivi vimetengwa. Kila kisanduku kina jina la kazi yake, na majina hayo ni haya:

```
title    kichwa
body     hoja
dt       tarehe
ftr      kijachini
sldNum   namba ya slaidi
```

Mtu akikupa faili, majina hayo yanakuja nalo. Akikupa picha, yamefutika, na wewe ndiye unayeyarudisha. Kazi ya kunakili slaidi kutoka kwenye picha ni hiyo: kurudisha majina matano ambayo kamera haikuyaona.

Utayajuaje? Usitegemee ukubwa wa herufi peke yake, wala mahali peke pake, kwa sababu wapo wanaoweka namba juu kulia, na wapo wanaoandika sentensi moja kubwa katikati ya slaidi isiyo na kichwa. Njia ninayoiamini ni kuweka picha mbili au tatu za wasilisho lilelile pamoja. Kinachobaki vilevile kutoka picha hadi picha ni kijachini. Kinachoongezeka kwa kuhesabu ni namba. Kinachobadilika chote ni mada.

Njia hiyo ndiyo iliyonitatulia fumbo la kinyota. Nilikuwa nimeuchukua mstari wa EAS 2 kuwa sehemu ya kijachini, kwa kuwa ulikuwa mdogo na ulikuwa chini. Nilipotazama picha ya slaidi ya sita na ya nane, "Mafunzo ya maofisa ugani" yalikuwepo, lakini EAS 2 haikuwepo. Basi si kijachini. Ni tanbihi ya ile asilimia 13.5, inayosema tarakimu hiyo imetoka kwenye kiwango gani, na mahali pake ni karibu na hoja ya tano. Ukiitupa pamoja na kijachini, umeiacha tarakimu bila shahidi.

Anza chini

Wengi wetu tunaanza kunakili juu, kwenye kichwa, tunashuka. Mimi sasa naanza chini. Nachapa kwanza namba ya slaidi, kisha kijachini, nikiwa bado na macho mapya, navifungia kwenye sehemu zao, halafu ndipo napanda kwenye kichwa na kushuka na hoja. Sababu yake ni hii: ukifika chini ukiwa umechoka na orodha, mkono una mwendo wa orodha, na chochote kinachofuata utakiandika kama hoja. Ukikuta vitu vya chini vimekwisha kuandikwa, orodha inakoma inapokomea.

Kompyuta nayo ina mwendo wa orodha. Kwenye Word, ukichapa "1." kisha nafasi na maneno, ukabonyeza Enter, programu inakuletea "2." yenyewe. Ukimaliza hatua ya mwisho na kubonyeza Enter, namba inayofuata iko tayari inakungoja. Kwa hiyo malizeni orodha kwa makusudi: bonyezeni Enter mara mbili, orodha itakatika. Namba ikijileta bila kuitwa, Ctrl+Z mara moja inairudisha ilikotoka.

Na kijachini cha slaidi msikiweke kwenye kijachini cha ukurasa wenu wa Word, hata kama majina yanafanana. Kijachini cha Word kitajirudia kwenye kila ukurasa wa taarifa yenu, na msomaji ataamini taarifa nzima ni "Rasimu, Machi 2019". Kijachini cha slaidi ni maneno ya slaidi, si ya taarifa yenu. Kiandikeni ndani ya ukurasa, chini ya lebo yake.

Mtauliza, kwa nini tusikiache kabisa, maana kinajirudia? Rudini kwenye neno moja la kijachini kile: Rasimu. Neno hilo halikuwa kwenye kichwa wala kwenye hoja. Lilikuwa kwenye mstari wa kijivu peke yake, nami niliuruka kwa kuona ni mapambo. Wilayani walizipokea hatua zile kama mwongozo uliokwisha kupitishwa. Kijachini ndicho kinachobeba tarehe, toleo na masharti ya matumizi. Kikiwa kilekile kwenye slaidi 20, kinakili kikamilifu kwenye slaidi ya kwanza, na kwenye zinazofuata andika kwamba ni kilekile. Kikibadilika hata kwa herufi moja, kiandike chote upya.

Vitone na daraja zake

Hoja ndizo zenye mitego mingi, nami nitasimama kwenye miwili tu.

Mtego wa kwanza ni mstari uliovunjika. Hatua ya sita ya slaidi yangu ilishuka mstari wa pili kwa sababu ukurasa uliisha, si kwa sababu wazo liliisha. Namna ya kutambua ni kutazama ukingo wa kushoto. Hoja mpya huanza na alama yake: namba, kitone au kistari. Mstari ulioendelea hauna alama, na kwa kawaida huanzia chini ya herufi ya kwanza ya maneno, si chini ya alama. Mistari miwili ya namna hiyo iandikwe kuwa mmoja. Mnapochapa, msivunje mstari mahali slaidi ilipovunja. Ukuta ulikuwa mwembamba, karatasi yenu ni pana.

Mtego wa pili ni daraja. Hoja iliyosogezwa ndani iko chini ya ile iliyoitangulia, inaieleza au inaigawa. Ndiyo maana chumvi na chupa ilikuwa mali ya kupima unyevu. Kwenye Word, Tab mwanzoni mwa hoja inaishusha daraja, Shift+Tab inaipandisha. Lakini nafasi tupu ni kitu dhaifu: ukinakili maneno hayo ukayabandika kwenye ujumbe wa simu, nafasi zinaweza kupotea na daraja zikaanguka zote sakafuni. Kwa hiyo mimi huandika daraja kwa alama inayoonekana. Hatua ya tano huwa 5, na watoto wake huwa 5a na 5b, nikitaja kando kwamba kwenye slaidi walikuwa na vistari. Hata akisoma mtu kwenye simu ndogo, au akisomewa na mwenzake kwa sauti, 5b haiwezi kusikika kama hatua ya sita.

Ukimaliza, usisome tena maneno kwanza. Hesabu alama. Kwenye picha yangu kulikuwa na alama nane za hoja: namba sita na vistari viwili. Kwenye karatasi yangu ya kwanza kulikuwa na namba tisa. Ningehesabu tu, bila hata kusoma, ningejua. Na slaidi yenyewe ilikuwa imeniambia juu kabisa: hatua sita. Kichwa kinapotaja idadi, kimekupa uhakiki wa bure.

Namba zinazofanana

Unaponakili picha nyingi, namba za aina tatu huchanganyika. Kuna namba ya picha, ile ambayo simu iliipa. Kuna namba ya slaidi iliyochapwa ukutani. Na kuna nafasi ya picha kwenye rundo lako, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haziendi pamoja. Aliyepiga picha huenda alichelewa, picha yake ya kwanza ikawa slaidi ya 4. Mtoa mada anaweza kuagiza namba zianze popote anapotaka. Tena akificha slaidi ili isionyeshwe, PowerPoint bado inaihesabu, kwa hiyo ukumbini mtaona 7 kisha 9, na hakuna aliyelala usingizi. Andikeni namba inayoonekana, na msiisahihishe. Ikiruka, semeni tu kwamba picha ya slaidi ya 8 haipo. Msidai kwamba slaidi imepotea.

Kinyume chake pia hutokea: picha mbili zenye namba moja. Mara nyingi mtoa mada alikuwa akizitoa hoja moja baada ya nyingine, na picha ya kwanza ilipigwa orodha ikiwa nusu. Zote ni slaidi moja. Nakili ile iliyokamilika, utaje kwamba ipo nyingine ya awali. Ukizinakili zote mbili, taarifa yako itasema jambo moja mara mbili, na msomaji atatafuta tofauti ambayo haipo.

Karatasi ilivyopaswa kuwa

Hii ndiyo slaidi ileile, kama ningeichapa leo:

```
[PICHA: IMG_0412.jpg]
[NAMBA YA SLAIDI, kona ya chini kushoto] 7
[KIJACHINI] Mafunzo ya maofisa ugani, Rasimu, Machi 2019
[KICHWA] Kukausha na kuhifadhi mahindi: hatua sita
[HOJA, zenye namba]
1. Vuna yakishakomaa
2. Kausha juu ya turubai, si juu ya udongo
3. Pukuchua bila kuvunja punje
4. Pepeta na uondoe punje zilizooza
5. Pima unyevu, usizidi asilimia 13.5*
   5a. Kipimo cha mkononi   [kistari]
   5b. Chumvi na chupa      [kistari]
6. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta
[TANBIHI ya hoja 5] * Kiwango cha Afrika Mashariki EAS 2
[MWISHO WA SLAIDI]
```

Tazameni mabano ya mraba. Kila kilichomo ndani yake ni maneno yangu. Kila kilicho nje ni maneno ya slaidi. Herufi 5a na 5b ndizo pekee nilizoziongeza nje ya mabano, na nimezitolea maelezo mwanzoni mwa taarifa. Mpaka huo ukivunjika, msomaji hatajua mwandishi ni nani. Ndiyo sababu sitegemei wino mzito wala rangi kutenganisha sehemu: vyote hivyo hupotea maneno yakibandikwa kwingine, lakini lebo iliyoandikwa kwa herufi husafiri na maneno yake. Mstari wa mwisho, unaotangaza kwamba slaidi imekwisha, unazuia kichwa cha slaidi inayofuata kisisomwe kama hoja ya hii.

Namba na kijachini nimeviweka juu, ingawa ukutani vilikuwa chini. Hilo linaruhusiwa, mradi lebo ipo. Wanaopenda kuvibakiza chini wavibakize, ilimradi wafanye hivyo kwenye slaidi zote.

Picha inapokataa

Kuna picha ambazo hazitasema kila kitu. Kichwa cha mtu kimefunika kona, mwanga umefuta nusu ya mstari, au mpiga picha ameikata slaidi chini kabisa. Hapo tofautisheni hali tatu kwa maneno matatu. Kama mnaona maandishi yapo lakini hayasomeki, andikeni [haisomeki]. Kama sehemu ile haimo kwenye picha, andikeni [imekatwa]. Kama sehemu inaonekana wazi na haina kitu, andikeni [hakuna]. Slaidi iliyokatwa chini si slaidi isiyo na namba. Ni slaidi ambayo namba yake hatukuiona. Slaidi isiyo na kichwa msiitungie kichwa, hata kama mnajua ingefaa kuitwaje.

Kabla ya kukata tamaa, ombeni picha yenyewe. WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na maandishi madogo ya chini ndiyo yanayoumia kwanza. Mwambieni mwenye simu aitume kama faili la hati. Mara nyingi kijachini kilichokuwa ukungu kinasomeka. Tarakimu ikibaki na shaka, kwa mfano 13.5 au 18.5, msichague inayoelekea. Andikeni 1[3?].5, mtu mwenye dhamana aamue. Kwenye kiwango cha unyevu, tofauti hiyo ni ghala la mahindi yaliyoota ukungu.

Nimalizie na ile simu. Nilimwomba yule kijana samahani, nikamsomea slaidi upya, nikitaja kila kipande kwa jina lake: hiki kichwa, hii hatua, hiki ni kipimo ndani ya hatua ya tano, hii ni namba ya slaidi. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mama, ya saba haipo?"

"Ipo, mwanangu," nikamwambia. "Ila si hatua. Ni ukurasa."